Kumzuia Mtu Kwenye Simu: Anachokiona na Anachoendelea Kukiona

Neno "kubloki" limeingia katika vinywa vya vijana wa Nairobi kwa nguvu kiasi kwamba hata nyanya zetu wanalitumia. Utamsikia mtu ndani ya matatu akilalamika, "Huyu amenibloki, si unaona tiki moja tu?" Mwenzake naye atajibu kwa kiburi, "Mimi nilimbloki zamani, hanioni tena." Kiswahili sanifu kinalo neno lake, nalo ni kuzuia. Hata hivyo nia yangu leo si kusahihisha lugha ya watu. Nataka kuwaeleza wanachama wenzangu jambo hilo hutendekaje, aliyezuiwa huona nini, na ni mambo gani yanayobaki vile vile. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalijui, na ndilo linaloweza kumtia mtu hatarini.

Nitatumia WhatsApp kama mfano wangu, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi wetu likizo zikifika na simu zikirudi mikononi. Nitatumia pia mkasa wa binamu yangu mmoja anayekaa Kangemi na kuuza vifuniko vya simu katika kibanda kimoja mtaa wa Luthuli, katikati ya jiji. Yeye mwenyewe aliniruhusu niandike, mradi jina lake nisilitaje.

KISA CHENYEWE

Binamu yangu alikuwa akinunua spika za masikioni kutoka kwa bwana mmoja aliyewauzia wenye vibanda kwa jumla. Walipeana namba kwa ajili ya biashara. Baada ya muda bwana huyo akaanza kumwandikia usiku maneno yasiyohusu spika wala biashara. Binamu alimwambia aache. Hakuacha. Basi mwezi wa nne akamzuia kwenye WhatsApp, akashusha pumzi, akasema, "Hiyo imeisha."

Haikuwa imeisha. Wote wawili walikuwa katika grupu moja ya wenye vibanda, ambamo watu huulizana bei na kuarifiana kanjo wakipita. Siku moja binamu aliandika mle: "Leo nafunga mapema, saa kumi na moja niko steji ya Kangemi, mwenye oda yangu aniletee kabla." Alipofika steji saa kumi na moja na dakika kumi hivi, alimkuta yule bwana amesimama anamngojea. Binamu alipatwa na bumbuazi. Akapanda gari la kwanza lililokuwa tayari kuondoka, na njia nzima ya Waiyaki alikuwa akijiuliza swali moja: "Amejuaje, na mimi nilimbloki?"

Jibu la swali hilo ndilo somo letu.

UJUMBE HUSAFIRIJE?

Ukiandika ujumbe wa WhatsApp hauruki moja kwa moja kutoka simu yako hadi simu ya mwenzako. Huenda kwanza kwenye kompyuta kubwa za kampuni, ziitwazo seva. Seva ikiupokea, simu yako huonyesha tiki moja ya kijivu. Kisha seva huutafuta mkono wa mwenye kupelekewa. Simu yake ikiupokea, seva hurudisha habari kwako na tiki ya pili hutokea. Akiufungua na kuusoma, tiki zote mbili hugeuka buluu, isipokuwa kama amezima kipengele hicho. Rangi hiyo ya buluu ilianza mwaka 2014.

Fikiria Posta Kuu pale Barabara ya Kenyatta. Ukipeleka barua kaunta na karani akaipokea, unajua jambo moja tu: Posta wanayo. Hujui kama mwenyewe amefika kufungua sanduku lake. Tiki moja ni karani amepokea. Tiki mbili ni barua imetoka sandukuni.

Sasa, mtu akikuzuia, jina lako huandikwa katika orodha ya watu aliowakataa, na orodha hiyo huheshimiwa huko huko kwenye seva. Ujumbe wako unapofika, karani anaupokea kama kawaida, lakini hauwekwi kamwe katika sanduku la mwenzako. Ndiyo sababu tiki yako ya kwanza hutokea bila shida na ya pili haitokei hata ukingoja mwaka. Hakuna uongo uliosemwa, maana kweli seva iliupokea.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba kinachozuiwa ni akaunti, yaani namba. Kifaa chenyewe hakihusiki. Yule bwana akinunua simu mpya na kuingia kwa namba ile ile, bado amezuiwa. Akinunua laini nyingine ya shilingi chache na kufungua akaunti mpya, huyo kwa seva ni mtu mwingine kabisa, na ujumbe wake utafika.

HATUA ZA KUMZUIA MTU

Hatua ni chache. Fungua mazungumzo yenu. Gusa jina lake pale juu. Teremka hadi mwisho wa ukurasa, utaona neno `Block` likifuatwa na jina lake. Ukiligusa, simu itakuuliza kama una hakika, na pia kama unataka kumripoti kwa kampuni. Ukikubali kuripoti, ujumbe wake wa mwisho, hadi mitano, aliokutumia hupelekwa kwa kampuni waukague. Yeye haambiwi kwamba ameripotiwa, na haambiwi kwamba amezuiwa.

Ukitaka kuona orodha ya wote uliowazuia, ingia `Settings`, kisha `Privacy`, kisha `Blocked contacts`. Hapo hapo ndipo mtu huondolewa kizuizi moyo ukilainika.

Tahadhari moja kabla hujabonyeza. Kumzuia mtu hakufuti mazungumzo yenu ya zamani, ila simu inaweza kukupa nafasi ya kuyafuta wakati huo huo. Usikimbilie. Kama mtu amekutukana au kukutisha, maneno yale ni ushahidi wako. Piga picha ya skrini kwanza, pamoja na namba yake na tarehe, kisha ndipo umfungie.

JARIBIO LETU

Likizo ya mwezi wa nane nilikwenda kwa mama mkubwa Kangemi, na mimi na binamu tukakaa chini tufanye jaribio, maana kusikia si kuona. Yeye alishika simu yake, mimi nikashika ya mama mkubwa. Tuliyoyaona ni haya.

Kabla hajanizuia, nilimwandikia "Umeshindaje?" Tiki mbili zikaja mara moja. Juu ya skrini niliona saa aliyoonekana mwisho, na picha yake ya kitenge cha manjano ilikuwepo.

Kisha akanizuia. Kwenye simu yangu hakukulia kengele, hakukuja tangazo, wala jina lake halikutoweka. Mazungumzo yetu ya zamani yalibaki yote. Namba yake ilibaki. Lakini ile saa ya mwisho kuonekana ilikuwa imeondoka, na hata alipokuwa ameifungua WhatsApp mbele ya macho yangu, neno `online` halikutokea kwangu. Akabadilisha picha yake, akaweka ya maua. Mimi sikuyaona maua hayo. Akaweka tangazo kwenye `Status`. Halikunifikia.

Nikamwandikia "Habari?" Tiki moja. Tukala chakula cha jioni, tukalala, tukaamka, bado tiki moja. Nikampigia kwa WhatsApp. Kwangu ilionekana kama simu inapigwa; kwake palikuwa kimya kama maji mtungini.

Upande wake, mazungumzo yetu yalikuwepo pia, na chini yake ilani kwamba amenizuia. Alipojaribu kuniandikia, simu ikamtaka aniondolee kizuizi kwanza. Kumbe mlango ukifungwa hufungwa kwa pande zote mbili.

Asubuhi akanifungulia. Hapa wengi hudhani kwamba ujumbe wote uliongoja utamiminika kama mvua. La hasha! Ile "Habari?" ya jana haikumfikia, na tiki yake ilibaki moja. Niliyoandika baada ya kufunguliwa ndiyo iliyopata tiki mbili. Ujumbe wa wakati wa kizuizi haufiki kamwe.

JE, ALIYEZUIWA ANAWEZA KUJUA?

Msomaji, hapa nataka twende polepole, kwa sababu urafiki mwingi umevunjika kwa sababu ya tiki moja tu.

Tulifanya jaribio la pili. Mara hii binamu hakunizuia, ila alizima data, kama ifanyavyo bando ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamwandikia. Tiki moja. Nikampigia kwa WhatsApp. Kwake kimya. Kisha tukajaribu la tatu: akawasha data lakini akaficha saa yake ya mwisho na picha yake kwa kila mtu, jambo ambalo mipangilio ya `Privacy` inaruhusu. Saa hiyo ikapotea kwangu, picha nayo ikapotea, na hali hakunizuia!

Kwa hivyo dalili moja pekee haithibitishi lolote. Tiki moja yaweza kuwa bando, betri, simu iliyoibwa, au mtu aliye shuleni bila simu kama sisi. Picha kupotea yaweza kuwa mtu ameificha kwa watu wote. Kampuni yenyewe inaeleza kwamba mambo haya yameachwa na utata makusudi, ili kumlinda aliyezuia asije akaandamwa na aliyezuiwa.

Tofauti iliyo wazi kidogo huonekana kwa muda. Binamu alipowasha data tena, ule ujumbe wa jaribio la pili ulipata tiki ya pili papo hapo, kwa kuwa seva ilikuwa imeuweka ukimngoja. Seva huuweka ujumbe usiofika kwa siku 30. Basi ikiwa ujumbe wako una tiki moja kwa wiki mbili, na katika wiki hizo hizo rafiki yenu mwingine anapata tiki mbili kwa mtu yule yule, hapo uwezekano wa kwamba umezuiwa ni mkubwa. Na ukishafikia hapo, la heshima ni kumwacha mwenzako apumzike. Akufukuzaye hakwambii toka.

YALIYOBAKI VILE VILE

Sasa turudi kwa yule bwana wa steji.

Kwanza, grupu. Kumzuia mtu kunakata mawasiliano ya ninyi wawili pekee. Hakumtoi katika grupu mlizomo pamoja, na hakukutoi wewe. Humo ndani ataendelea kuona kila unachoandika, na wewe utaona chake. Binamu alipotaja saa na steji mbele ya grupu nzima, alimwambia na yule bwana pia. Dawa ya jambo hili haimo katika `Block`. Ama wewe utoke, ama kiongozi wa grupu amwondoe yeye, ama uache kabisa kuandika humo mahali ulipo na saa utakayotoka. Binamu hakuweza kutoka, maana grupu ile ndiyo riziki yake. Alimwendea mama anayeisimamia, akamwonyesha zile picha za skrini. Mama yule hakuuliza maswali mengi. Jioni hiyo hiyo bwana yule akaondolewa.

Pili, simu ya kawaida. WhatsApp haina mamlaka juu ya laini yako. Mtu uliyemzuia huko bado anaweza kukupigia kwa kawaida na kukutumia esemesi. Kizuizi cha laini ni kingine, nacho huwekwa kwenye simu yenyewe: katika simu nyingi unafungua orodha ya waliokupigia, unabonyeza namba yake kwa muda, kisha unachagua `Block`. Binamu alikuwa hajafanya hivyo, na ndiyo maana bado alikuwa akipigiwa saa tano za usiku.

Tatu, M-Pesa. Hili lilitushangaza sote. Baada ya kufunga WhatsApp na laini pia, siku moja simu yake ililia: amepokea shilingi 20 kutoka kwa bwana yule. Kesho yake, shilingi 20 tena. Mama mkubwa akasema, "Huyu mtu ameingia kwa dirisha gani tena?"

Sababu yake ni hii. Ujumbe wa M-Pesa hautoki kwa namba ya aliyetuma pesa. Unatoka kwa huduma yenyewe, na huingia kwa jina la MPESA. Simu yako inatazama jina la aliyeleta ujumbe, inaona MPESA, na hiyo hujaizuia. Kisha kutuma shilingi 100 au chini yake hakutozwi ada, kwa hivyo mwenye kusumbua hagharamiki sana. Jina lake linakaa pale skrini, na hilo ndilo alilotaka: kwamba ulisome.

Usijaribu kuizuia MPESA, utakosa kujua karo imefika ama haijafika. Binamu alishauriwa asijibu, asimpigie kumwuliza, na ujumbe ule asiufute. Kila shilingi 20 iliyoingia ilikuja na jina, tarehe na saa, na kwa kuwa laini zote Kenya husajiliwa kwa kitambulisho, bwana yule alikuwa akijiandikia ushahidi mwenyewe kwa mkono wake.

Nne, kumbukumbu. Picha ulizomtumia zamani anazo. Namba yako anayo. Akijua kibanda chako, bado anakijua. Hakuna kitufe kinachofuta hayo.

MWISHO WA KISA

Binamu na mama mkubwa walikwenda kituo cha polisi na vitu vitatu: picha za skrini, ujumbe wa M-Pesa, na tarehe ya siku ya steji. Walipewa namba ya O.B., yaani ya kitabu cha matukio, nao waliinakili na kuitunza. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mitandaoni inataja unyanyasaji wa aina hii kuwa kosa. Habari za ile namba zilipomfikia yule bwana, shilingi 20 zilikoma. Binamu sasa hubadilisha saa ya kufunga, na huondoka pamoja na jirani yake wa kibanda.

Kama anayesumbuliwa ni mtoto, yaani yeyote miongoni mwetu aliye chini ya miaka 18, iko namba ya simu 116 ambayo haitozwi pesa. Mwambie pia mzazi au mwalimu. Kumzuia mtu ni hatua nzuri ya kwanza, lakini komeo moja halifungi nyumba yenye milango minne.

Hapa natia nanga. Kwa wale wapendao kujipima, nawaachia zoezi dogo.

ZOEZI

1. Otieno ana tiki moja kwa siku mbili. Picha ya rafiki yake bado anaiona, na saa ya mwisho kuonekana ni ya juzi. Je, amezuiwa?

2. Asha alimzuia mtu Jumatatu akamfungulia Ijumaa. Ujumbe alioandikiwa Jumatano ataupata lini?

3. Kamau amemzuia mtu kwenye WhatsApp pekee. Taja njia tatu ambazo mtu huyo bado anaweza kumfikia.

MAJIBU

1. Haielekei. Saa ya mwisho kuonekana isingeonekana kama angekuwa amezuiwa. Huenda simu ya rafiki yake imezimika au haina data tangu juzi.

2. Hataupata kamwe.

3. Grupu waliyomo pamoja, simu na esemesi za kawaida, na M-Pesa. Ukitaja laini mpya pia, nakuongezea alama moja.